Friji ya Marehemu Mavyaa na Tundu la Ncha ya Kusini



Juma hili tumeletewa suali na mama mmoja wa Kisauni, nasi tumeona tulipe ukurasa mzima. Mama huyu ana friji kuukuu aliyoachiwa na marehemu mavyaa wake, friji iliyonunuliwa mwaka 1985 na ambayo hadi leo hupoza, ijapokuwa kwa kusuasua. Fundi alipoitwa alisema dawa ni moja tu: akate mrija wa nyuma, aiachie gesi ya zamani itoke, kisha atie gesi nyingine. Kijana wa mama huyo, aliye kidato cha tatu, akamzuia. Alisema gesi hiyo ndiyo ile inayokula tabaka la ozoni. Fundi akacheka, akasema: “Gesi ya friji moja, mama, itafika wapi?”

Mama anatuuliza mambo mawili. Je, gesi ya friji moja ina uzito wowote? Na ikiwa gesi hiyo ilipigwa marufuku kabla kijana wake hajazaliwa, mbona twaambiwa tabaka la ozoni halijapona mpaka leo? Tukiyachunguza masuali haya tutaona kwamba jawabu la la kwanza limo ndani ya la pili.

Na tuanze na ozoni yenyewe. Oksijeni tunayoivuta kwa pumzi huenda kwa jozi, yaani atomi mbili zilizoshikana. Ozoni ni oksijeni iliyoshikana tatu tatu. Sehemu kubwa ya ozoni imo juu yetu, baina ya kilomita 15 na 35 hivi, nayo ndiyo inayozuia sehemu kali ya miali ya urujuanimno itokayo kwenye jua, miali inayounguza ngozi na kudhuru macho. Tusidhani ya kuwa ni pazia zito. Lau ozoni yote iliyo juu ya kichwa cha mtu ingeteremshwa hapa chini na kukusanywa katika hali ya usawa wa bahari, unene wake ungekuwa yapata milimita 3 tu.

Kadhalika ozoni si mali iliyowekwa akiba mara moja ikabaki. Kila siku jua huipasua oksijeni ya kawaida huko juu, na atomi zilizopasuliwa hujiunga na jozi nyingine zikawa ozoni. Kila siku pia ozoni nyingine huvunjika. Mfano wake ni pipa linalotiwa maji na mfereji huku likivuja chini: maji yakiingia sawa na yanavyotoka, kina hubaki pale pale. Msiba wa ozoni haukuletwa na mfereji kufungwa, bali na kutobolewa tundu jingine katika pipa.

Tundu hilo lilitobolewa kwa nia njema. Friji za mwanzo zilitumia gesi kama amonia na salfa dayoksaidi, ambazo zikivuja ndani ya nyumba huweza kuua. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake, huko Marekani, walitengeneza gesi mpya kwa kuunganisha kaboni, klorini na florini. Mashuhuri kati ya hizo ni ile inayoandikwa R12, yenye kaboni moja, klorini mbili na florini mbili, na R11, yenye klorini tatu na florini moja. Gesi hizi haziwaki moto, hazimdhuru mtu zinapovuja kidogo, wala haziozeshi chuma. Zikaingia katika friji, katika mikebe ya manukato ya kupuliza, na katika povu gumu linalojazwa ndani ya kuta za friji ili baridi isitoke.

Hapa huenda msomaji wa pwani akauliza: ikiwa ubaya wote ni klorini, mbona sisi tumezungukwa nayo? Chumvi ya bahari ina klorini, upepo wa kusi huirusha hewani mpaka mabati yakashika kutu, na visima vyetu twavitia dawa ya klorini. Mbona hizo hazidhuru ozoni? Jawabu ni mvua. Klorini ya chumvi na ya dawa huyeyuka katika maji, na mvua huirudisha chini katika siku chache kabla haijapanda mbali. Gesi ya friji haiyeyuki katika mvua, haishikani na kitu chochote njiani, wala jua la huku chini haliwezi kuipasua. Ule upole wake uliowapendeza watengenezaji ndio unaoiwezesha kusafiri salama hadi juu kabisa.

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland, katika Chuo Kikuu cha Kalifornia kilichoko Irvine, walijiuliza suali jepesi: gesi hizi huishia wapi? Walipopekua kila njia inayoweza kuziondoa hewani hawakuona ila moja. Gesi hupanda polepole kwa miaka, hadi ifike juu ya sehemu kubwa ya ozoni, mahali penye ile miali mikali ambayo ozoni haijaichuja. Huko ndiko mwali wa jua huikata, na atomi ya klorini ikatoka peke yake.

Kazi ya atomi hiyo tutaieleza kwa kitu tunachokijua sote, nacho ni kivuko cha Likoni. Kivuko huchukua abiria ng’ambo moja, huwashusha ng’ambo ya pili, kisha hurudi kitupu tayari kwa safari nyingine. Chombo hakipungui kwa kuvusha watu. Vivyo hivyo atomi ya klorini hukutana na ozoni, ikachukua oksijeni moja kati ya zile tatu. Ozoni imekwisha, imebaki oksijeni ya kawaida. Klorini yenye abiria wake husafiri mpaka ikutane na atomi ya oksijeni iliyo peke yake. Abiria huyo huteremka, hushikana na mwenziwe wakawa jozi, na klorini hurudi kitupu. Watoto wa sekondari huandika hivi:

```
Cl + O3  → ClO + O2
ClO + O  → Cl + O2
```

Tutazame mwanzo wa mstari wa kwanza na mwisho wa mstari wa pili. Klorini iliyoingia ndiyo iliyotoka. Kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia bila chenyewe kuliwa huitwa kichocheo, na mzunguko wa namna hii ndio mzunguko wa kichocheo. Kwa makadirio yanayotumiwa na wanasayansi, atomi moja ya klorini huweza kuangamiza molekuli 100,000 za ozoni kabla haijaondoka kabisa katika tabaka hilo.

Sasa turudi kwenye friji ya Kisauni. Na tuseme ndani ya mirija yake mna gramu 120 za R12, kipimo cha kawaida kwa friji ya nyumbani ya zama zile. Kila molekuli ina klorini mbili. Tukizidisha idadi ya atomi hizo kwa safari 100,000, tukageuza jumla kuwa uzito wa ozoni, twapata karibu tani 10. Hatusemi kwamba tani 10 zitapotea siku moja wala milele, kwani mabadiliko hayo huchukua miaka mingi na jua nalo huendelea kutengeneza ozoni mpya. Twasema tu ya kwamba gesi isiyofika uzito wa gilasi ya maji ina uwezo wa kuvunja ozoni yenye uzito wa lori lililosheheni. Fundi alipouliza itafika wapi, hakukosea kuiona kuwa ni ndogo. Alichosahau ni kwamba kivuko hakihesabiwi kwa ukubwa wake, huhesabiwa kwa safari zake.

Wenye kufuatilia vizuri watauliza: ikiwa klorini ina nguvu hizi, mbona ozoni haikwisha yote? Ni kwa sababu kivuko hakisafiri wakati wote. Klorini huzuiliwa kila mara inaposhikana na vitu vingine, aghalabu ikawa asidi ya hidrokloriki au klorini naitreti. Katika hali hizo mbili haiwezi kuigusa ozoni. Ni kama chombo kilichofungwa kamba gatini. Wakati wowote, klorini nyingi ya huko juu imefungwa namna hiyo, na ni kidogo tu inayofanya kazi. Ndiyo maana hesabu za mwanzo zilitabiri upungufu wa polepole unaokuja kwa miaka mingi.

Kilichotokea Antaktika hakikuwa katika hesabu hizo. Katika kituo cha Waingereza cha Halley, ozoni ilikuwa ikipimwa tangu miaka ya 1950. Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walipozipanga takwimu za kila mwezi wa Oktoba, waliona ya kuwa ule unene wa milimita 3 ulikuwa umeshuka hadi chini ya milimita 2 kufikia mwaka 1984. Waliyatangaza haya mwezi Mei 1985, mwaka ule ule wa friji ya mavyaa. Katika miaka iliyofuata, kuna majira ambapo ilibaki milimita moja tu, na eneo lililoathirika likafikia ukubwa unaokaribia bara zima la Afrika.

Kwa nini huko, mahali ambapo hapana friji wala manukato ya kupuliza? Sababu ni baridi. Wakati wa giza refu la kipupwe cha kusini, upepo huizunguka Antaktika kama ukuta, na hewa iliyomo ndani hupoa hadi chini ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo huzuka mawingu membamba mahali ambapo kwa kawaida hapawi na wingu. Juu ya chembe za mawingu hayo, ile asidi ya hidrokloriki na klorini naitreti hukutana na kuachilia klorini zao. Kamba za gati lote hufunguliwa pamoja. Klorini hungoja gizani, na jua linapochomoza mwezi Agosti na Septemba, safari huanza.

Hata namna ya safari hubadilika huko. Tulisema klorini humshusha abiria inapokutana na oksijeni iliyo peke yake, na oksijeni hizo ni haba pale ambapo jua ni hafifu. Badala yake vyombo viwili vyenye abiria hushikana ubavu kwa ubavu, kisha mwanga wa jua huwatenganisha: abiria wawili huondoka wakiwa jozi ya oksijeni, na klorini zote mbili hurudi kazini. Katika majuma machache ozoni baina ya kilomita 14 na 20 huisha karibu yote.

Haya si dhana. Agosti na Septemba 1987, ndege ya utafiti ya Marekani iliruka kutoka Punta Arenas, kusini mwa Chile, ikaingia ndani ya ule ukuta wa upepo ikiwa na vyombo vya kupima ozoni pamoja na klorini yenye abiria wake. Katika safari za Septemba, kila ndege ilipoingia mahali ambapo klorini hiyo ilipanda, hapo hapo ozoni ilishuka, na kila moja ilipopungua nyingine iliongezeka. Mwezi huo huo, tarehe 16 Septemba 1987, mataifa yalitia saini Itifaki ya Montreal ya kupunguza gesi hizi, na baadaye ikakazwa mpaka utengenezaji ukakomeshwa. Sekretarieti inayosimamia itifaki hiyo iko hapa hapa Kenya, jijini Nairobi.

Sasa twafika kwenye suali la pili la mama, nalo ndilo zito. Utengenezaji umekoma. Mbona uponyaji unasuasua?

Kwanza tuondoe dhana moja. Si ozoni inayochelewa. Tumeona kwamba jua huitengeneza kila siku. Hata lile tundu la Antaktika huzibika kila mwaka, kwa kawaida Novemba au Disemba, pale ukuta wa upepo unapovunjika na hewa ya sehemu nyingine ikaingia. Mwaka unaofuata hurudi tena, kwa sababu klorini ingalipo. Lau klorini ya ziada ingetoweka leo, ozoni ingerudi katika miaka michache. Kinachochelewa ni kuondoka kwa gesi.

Kumbukeni kwamba R12 ina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni ule mwali wa juu kabisa. Ilhali sehemu kubwa ya hewa ya dunia, pamoja na gesi iliyomo, iko huku chini. Kila mwaka ni fungu dogo tu la hewa linalopanda hadi mahali gesi inapoweza kukatwa. Ni sawa na kutoa maji ya birika kubwa la msikiti kwa kopo dogo: maji yanatoka, lakini jioni ukitazama kina waona kama hapajafanyika kitu. Kwa hesabu hiyo muda wa wastani wa R11 kubaki hewani ni miaka 50 hivi, na wa R12 ni karibu miaka 100.

Na tupime kwa friji yetu. Tuseme friji ya pili, pacha wa ile ya mavyaa, ilikatwa mrija mwaka ule ule wa 1985. Katika kila molekuli 100 za R12 zilizotoka siku hiyo, kufikia mwaka 2025, yaani baada ya miaka 40, zipatazo 67 zilikuwa zingali hewani. Hazijakatwa, hazijafanya kazi, zangoja zamu. Ukifika mwaka 2085, baada ya miaka 100, zitakuwa zimebaki kama 37. Aliyeukata mrija ule huenda amekwishazeeka, wajukuu wake watazeeka, na gesi aliyoiachia dakika moja itakuwa ingali safarini.

Vipimo vya dunia nzima vyasimulia habari hiyo hiyo. Kabla ya viwanda, klorini itokanayo na gesi za asili zinazofika juu ilikuwa yapata molekuli 0.6 katika kila molekuli bilioni moja za hewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilifika kilele cha karibu 3.7. Kufikia mwaka 2020 ilikuwa imeshuka hadi karibu 3.2. Takriban miaka 30 ya utiifu wa mataifa imeondoa kiasi cha moja ya saba. Ndiyo maana tathmini ya kimataifa ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba ozoni itarudi katika kiwango cha mwaka 1980 mnamo 2040 katika sehemu kubwa ya dunia, mnamo 2045 katika Ncha ya Kaskazini, na mnamo 2066 juu ya Antaktika. Makadirio hayo yana sharti moja: ahadi ziendelee kutimizwa.

Sharti hilo limewahi kuvunjwa. Mwaka 2018 wapimaji walitangaza kwamba R11 haipungui kwa mwendo uliotarajiwa, na kwamba mwendo huo ulizorota baada ya 2012. Gesi haikuweza kuzuka yenyewe, kwa hiyo walijua kuna mtu anaitoa. Vituo vya Korea na Japani vilipofuata mkondo wa pepo, sehemu kubwa ya chanzo ikaonekana ni mashariki mwa Uchina. Baada ya hapo moshi huo wa siri ulipungua sana. Twajifunza ya kwamba hewa huweka daftari la hesabu zake, na aliye mbali anaweza kulisoma.

Liko jambo jingine linalorefusha muda, nalo ndilo linalomhusu mama wa Kisauni. Gesi nyingi iliyotengenezwa zamani haijatoka bado. Imefungiwa katika mirija ya friji kuukuu na katika povu la kuta zake. Kuta hizo aghalabu zina R11 kupita gesi iliyomo kwenye mirija. Hakuna kiwanda kinachohitajika ili gesi hiyo itoke. Yatosha msumeno wa fundi au shoka la muuza vyuma chakavu.

Kwa hiyo, mama yetu, jawabu letu ni hili. Nyuma ya friji, karibu na kompresa, hubandikwa kibao chenye jina la gesi. Kikiandikwa R12, kijana wako amesema kweli. Kikiandikwa R134a au R600a, gesi hiyo haina klorini na ozoni haiidhuru, ingawa R134a huongeza joto la dunia, na R600a huwaka moto, kwa hiyo isichezewe. R22, iliyo katika mashine nyingi za zamani za kupoza vyumba, ina klorini moja. Nyingi huvunjika huku chini na hukaa hewani miaka 12 hivi, kwa hiyo madhara yake ni madogo kuliko ya R12, lakini yapo.

Ikiwa ni R12, usikubali mrija ukatwe. Mafundi wenye vifaa kamili huwa na mashine ya kuivuta gesi na kuihifadhi katika mtungi, nawe una haki ya kumuuliza fundi kama anayo kabla hajagusa kitu. Friji ikikushinda, usiitoe kwa wauza chakavu kabla gesi haijavutwa. Na ukisikia kwamba mirija imekwisha kuvuja yote, jua kwamba povu la kuta bado limebeba sehemu yake, kwa hiyo isipasuliwe wala isichomwe.

Hatutaki kukutia hofu isiyo na msingi. Katika ukanda wetu wa ikweta upungufu wa ozoni umekuwa mdogo sana, na jua linalotuunguza Mombasa adhuhuri ni lile lile lililowaunguza mabibi zetu. Walioguswa hasa ni watu wa kusini ya mbali, kama wakazi wa Punta Arenas, ambao baadhi ya siku za Oktoba na Novemba tundu lile huwapitia kichwani. Gesi iliyoachiwa Kisauni haikai Kisauni. Huchanganyika na hewa ya dunia nzima, ikangojea zamu yake, na zamu hiyo huenda ikafika mwaka 2066 uliotajwa, au baada yake, juu ya paa la mtu asiyelijua jina la mtaa wetu.

Tutafurahi mama akituletea habari ya kilichoandikwa kwenye kibao kile. Hadi juma lijalo, wabillahi tawfiq.